Bei Mpya Iko Stori ya Mwisho

Mteja alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti, taulo mabegani, kichwa kimeoshwa. Msusi akamtajia bei ya rasta ndogo za kiunoni ili wakubaliane kabla ya kuanza. Mteja akanyamaza kidogo, akachukua simu, akafungua ukurasa wa Instagram wa saluni ileile aliyokaa ndani yake, akabonyeza duara lililoandikwa "Bei", kisha akamgeuzia msusi skrini.

"Dada, si ndiyo bei yenu hii?"

Msusi akainama kuangalia. "Hiyo ya zamani, mpenzi. Mpya ipo hapohapo, endelea kubonyeza."

Mteja akabonyeza. Ikapita bei ya kucha, ikapita bei ya kope, likapita tangazo la punguzo la sikukuu ambayo ilishasahaulika, zikaja picha mbili za mteja mwingine aliyetoka kusukwa, na mwisho kabisa ikatokea bei mpya, imeandikwa vizuri kwa herufi kubwa.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Mwenye saluni aliamua kumsuka kwa bei ya zamani, na nadhani alifanya la busara. Mimi nilikuwepo kwa sababu natunza kurasa za saluni na nilikuwa nimeitwa kuutazama ukurasa ule. Nikaondoka na swali ambalo halikuniacha kwa wiki kadhaa: bei mpya ilitangazwa, ikahifadhiwa mahali pake, duara lina jina sahihi. Kosa liko wapi?

## Nje jipya linatangulia, ndani la zamani

Niliketi na simu mbili, nikaanza kuangalia hailaiti, yaani yale maduara ya stori zilizohifadhiwa, moja baada ya nyingine kama mgeni, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka.

Jibu likaonekana mapema. Ule mstari wa maduara chini ya wasifu na zile stori zilizomo ndani ya kila duara hupangwa kwa taratibu mbili zinazopingana. Kwenye mstari, duara ulilolitia stori mpya hivi karibuni ndilo linalohamia kushoto, mbele ya yote. Ndani ya duara mambo hugeuka: stori huchezwa kwa mfuatano wa siku zilivyowekwa, ya kale kabisa ikitangulia.

Sasa mfikirie mwenye saluni. Anapandisha bei, anaweka stori, anaiongeza kwenye hailaiti ya "Bei", anarudi kwenye ukurasa wake. Anaona duara la "Bei" limeruka mpaka mbele. Anaridhika, maana macho yamemwambia kwamba jipya limetangulia. Ndani ya duara lile, bei aliyoifuta kichwani mwake mwaka uliopita ndiyo inayofunguka kwanza.

Na mgeni hamalizi. Picha moja hukaa kwenye skrini sekunde tano hivi, halafu inakuja nyingine. Hailaiti moja inaweza kubeba hadi stori 100. Anayetafuta bei ya kusuka akiiona kwenye picha ya kwanza, ana haki ya kuamini kwamba ameipata. Hakuna kitu popote kinachomwambia kwamba kuna nyingine nyuma yake inayoipinga.

Hakuna kitufe cha kuzipanga upya stori zilizo ndani. Unaweza kubadili jina la hailaiti, kava yake, kuongeza na kutoa. Kusogeza hii mbele ya ile, hapana. Maandishi ya stori iliyokwisha kuwekwa nayo hayabadilishwi.

Hapo ndipo nilipoacha kuzitazama hailaiti kama wengi tulivyozitazama tangu zilipokuja Desemba 2017, yaani kabati la kutunzia vitu vizuri visipotee baada ya saa 24. Kabati unaongeza tu. Orodha ya bei haiongezwi. Inabadilishwa.

## Maduara kumi na kitu

Ukurasa ule ulikuwa na maduara mengi. "Kazi zetu", "Kazi 2", "Wateja wetu", "Sikukuu", "Timu", "Ofa", "Bei", "Kucha", "Kope", moja lenye moyo tu bila neno, na mengine ambayo hata mwenye saluni hakukumbuka yalianzia wapi.

Simu nyingi zinaonyesha maduara manne au matano kwa wakati mmoja. Mengine ni mpaka uvute mstari kwa kidole. Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza mwenye saluni halikuwa maduara yaitweje. Nilimwomba afungue inboksi tusome pamoja yale ambayo watu wanauliza kabla hawajaja. Tulisoma kwa utulivu, tukishuka taratibu, na maswali yakawa yanajirudia kwa namna ambayo hata yeye ilimshangaza. Mnafanya hiki? Bei gani? Naomba kuona kazi mliyomfanyia mtu mwenye nywele kama zangu. Nikija kesho nitapata nafasi?

Basi yakabaki maduara manne: Huduma, Bei, Maoni, Kubuku. Kwa mpangilio huohuo, kwa sababu ndivyo maswali yanavyokuja kwa mtu ambaye bado hajaamua.

Hapa tulibishana kidogo. Yeye alipenda "Timu" na "Sikukuu" zibaki, kwa kuwa zina nyuso za watu wake na siku walizofurahi. Sikuwa na moyo wa kumwambia afute. Nilichomwonyesha ni kwamba kutoa stori kwenye hailaiti hakuifuti: inabaki kwenye `Archive` ya akaunti yake, na anaweza kuirudisha siku yoyote. Ila ukiifuta kutoka kwenye `Archive` yenyewe, inatoweka na kwenye hailaiti pia. Watu huchanganya haya mawili wakati wa kufanya usafi, na wengine wamepoteza picha za kazi zao nzuri kwa namna hiyo.

"Timu" ikabaki kama duara la tano, mwisho wa mstari.

Majina yawe mafupi. Nafasi iliyo chini ya duara ni ndogo, na jina refu hukatwa, hivyo "Bei za huduma" humfikia mgeni kama "Bei za hud" na nukta. Neno moja linatosha. Kava nazo ziwe za rangi moja iliyotulia, na usitumie alama za kukisia. Nimeona saluni zenye mkasi, jani, nyota na kalenda kwenye kava, na mgeni analazimika kufungua yote ili ajue jani ni nini.

Kuhusu mpangilio wa mstari, kwa kuwa linaloguswa mwisho ndilo linalokaa kushoto, tulijenga kinyumenyume. Kubuku likatangulia kuundwa, likafuata Maoni, kisha Bei, na Huduma mwisho. Tulipomaliza, mstari ulisomeka jinsi tulivyotaka.

Huduma sitalizungumza sana. Ni picha moja kwa kila aina ya kazi, kazi halisi iliyofanywa na saluni yenyewe, na jina la huduma kama wateja wanavyolitaja. Ukikuta saluni imeweka picha zilizookotwa mtandaoni, mteja atakuja na picha hiyohiyo akitaka afanyiwe vile.

## Ukurasa wa bei, kwa karibu

Bei ndiyo iliyotuchukua muda, na ndipo nilipobadilisha mawazo zaidi ya mara moja.

Mwanzoni nilitaka orodha moja, kila kitu kwenye picha moja. Inavutia: mgeni anafungua, anaona yote. Tulipoijaribu, herufi zilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu ilimbidi ashikilie kidole kwenye skrini ili stori isimame, kisha aisogeze simu karibu na macho. Na ilikuwa na ubaya mwingine uliokuja kunishawishi kabisa: ikibadilika bei ya huduma moja, picha nzima inakuwa ya uongo.

Tukaenda na picha moja kwa kila huduma. Chukua rasta, kwa sababu ndizo zilizoleta ugomvi ule.

Bei ya rasta haitegemei kitu kimoja. Inategemea ukubwa wa rasta, ndogo zikichukua muda mrefu kuliko za kati na kubwa. Inategemea urefu, na wasusi hawapimi kwa rula. Wanasema mabegani, katikati ya mgongo, kiunoni. Inategemea pia kama nywele za kusukia zinatoka saluni au mteja anakuja nazo. Picha yetu ya rasta ikawa na mistari mitatu ya urefu kwenda chini, na safu mbili za bei: "nywele zako" na "nywele zetu". Rasta ndogo zikapata picha yake, za kati yake, kubwa yake. Chini ya jedwali, mstari mmoja wa muda wa kazi, maana anayekwenda kusukwa anataka kujua kama siku nzima imeisha. Mstari mwingine ukasema kufumua na kuosha kumo ndani ya bei au kunalipiwa mbali. Hilo la mwisho ndilo linaloibua maneno mengi kwenye kiti, na karibu kurasa zote nilizoziona zilikuwa kimya juu yake.

Mwenye saluni alitaka kuandika "kuanzia" mbele ya kila bei. Namwelewa. Kuna kichwa chenye nywele nyingi na nzito ambacho huchukua nusu tena ya muda wa kawaida, na hataki kubanwa. Lakini "kuanzia" peke yake haimsaidii mtu kujipanga, na humfanya arudi inboksi kuuliza kilekile alichokuja kukitafuta. Tukakubaliana neno hilo liruhusiwe kwa sharti moja: sababu ya bei kupanda iandikwe palepale. "Nywele nzito sana huongezewa, tuma picha tukuambie kabla hujaja." Mteja anayejijua ana nywele nzito anajitokeza mwenyewe.

Vipimo vya picha ni 1080 kwa 1920. Usiandike chochote cha maana kwenye pikseli 250 za juu, maana hapo hukaa jina la akaunti na mistari ya kuhesabu stori, wala kwenye pikseli 340 za chini, ambako sehemu ya kujibu hufunika. Nimeona bei ya huduma ya mwisho kwenye orodha ikiwa imejificha chini ya sehemu hiyo, na wateja wakiuliza kila siku kwa nini saluni haijaiweka. Kwenye simu ya mwenye akaunti sehemu ile huonekana tofauti, ndiyo maana yeye haoni tatizo. Kagua kwa simu ya mtu mwingine.

Kila picha ya bei ikapewa tarehe kwenye kona, ndani ya eneo salama: "Bei hizi ni kuanzia" na mwezi na mwaka. Mgeni akiona tarehe ya karibu anatulia. Na mwenye saluni mwenyewe akiona tarehe ya zamani anakumbuka kuangalia.

## Kubadilisha bila kuvuruga

Sasa likaja swali gumu. Tuseme bei ya rasta ndogo imepanda, na picha yake ilikuwa ya kwanza kati ya nane. Unaweka stori mpya, unaiongeza kwenye hailaiti, kisha unabonyeza `Edit highlight` na kuiondolea alama ile ya zamani. Bei mbili zinazopingana hazipo tena. Lakini picha mpya, kwa kuwa ndiyo iliyowekwa mwisho, imekaa nyuma ya zile saba zilizobaki. Rasta ndogo, huduma inayoulizwa kuliko zote, iko mwisho.

Nilifikiri jibu ni kuzijenga upya zote kila bei moja inapobadilika. Kwa siku kadhaa nilishikilia hilo. Ila stori nane kwa mpigo, kila mara bei ya nyusi inapoguswa, ni kuwachosha wafuasi ambao hawakuuliza bei. Na mwenye saluni, mwenye mikono iliyojaa kazi, angefanya hivyo mara moja na asirudie tena.

Kilichonisaidia ni kumtazama mtu akitumia ile hailaiti. Hasomi kwa mfuatano kama kitabu. Anabonyeza haraka haraka upande wa kulia mpaka aone neno analolitafuta, kisha anashikilia kidole kusimamisha. Akilipita, anabonyeza kushoto kurudi. Anachohitaji ni kichwa cha picha kinachosomeka mara moja, na idadi ndogo ya picha za kupita.

Kwa hiyo kila picha ya bei tuliifanya ijitegemee kabisa. Jina la huduma juu, kubwa, mahali palepale kwenye kila picha, na rangi moja kwa kila familia ya huduma: nywele rangi hii, kucha rangi ile, uso rangi nyingine. Hakuna picha inayosema "endelea" wala "kama tulivyotaja juu". Zikijitegemea namna hiyo, picha ya rasta ndogo ikihamia mwisho si balaa. Na tukaweka kikomo: picha za bei zisizidi kumi. Zikizidi, kuna huduma inayopaswa kuunganishwa na nyingine.

Kujenga zote upya kumebaki kwa siku bei nyingi zinapobadilika kwa pamoja. Siku hiyo anaziweka kwa mfuatano anaoutaka, anaziongeza moja baada ya nyingine, kisha anatoa seti yote ya zamani. Mpya ziingie kwanza ndipo za zamani zitoke, kwa sababu hailaiti ikibaki tupu inafutika yenyewe, na jina na kava vinaondoka nayo. Na hata zikionekana nyingi kwenye stori za siku ile, asizifute kabla ya saa 24 kwisha kwa kudhani kwamba tayari ziko salama kwenye hailaiti. Ziache zipite zenyewe.

Wafuasi wakiziona siku hiyo, vizuri. Wao ndio wateja, na bei zimebadilika.

## Sifa za zamani

Duara la Maoni lilikuwa na ugonjwa uleule wa Bei, ila ulijificha vizuri zaidi. Lilifunguka kwa shukrani za mteja wa miaka iliyopita, picha za skrini zenye ukungu, mtindo wa kucha ambao saluni haiufanyi tena, uliofanywa na fundi aliyekwisha kuondoka. Maoni mazuri ya mwezi uliopita, yenye picha safi, yalikuwa huko nyuma ambako hakuna afikaye.

Kumshawishi mwenye saluni atoe yale ya mwanzo ilikuwa vigumu kuliko jambo lolote tulilofanya. Yalikuwa ya wateja wake wa kwanza, waliomwamini kabla hajawa na jina. Nilijiuliza kama ninafanya haki. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza: mtu mgeni akisoma hii, atajua nini kuhusu kazi ninayofanya leo? Akayatoa. Yapo kwenye `Archive`.

Kilichobaki tulikichuja kwa jambo moja: maoni yaseme kazi gani ilifanyika. "Asante dada, nimependa sana" inapendeza kuipokea, lakini mgeni haoni kitu ndani yake. "Rasta zangu zina wiki ya sita na kingo hazijavunjika" inamjibu mtu anayeogopa kukatika nywele za mbele. Maoni ya namna ya pili hayaji yenyewe mara nyingi. Saluni ikaanza kuwaandikia wateja wiki kadhaa baada ya huduma, ikiwauliza nywele au kucha zinaendeleaje na kama wangependa kutuma picha. Wanaojibu hujibu kwa undani, kwa kuwa wameulizwa kitu mahususi.

Ruhusa ni lazima. Ujumbe wa inboksi ni wa mtu, hata kama ni wa kukusifu. Muulize, na akikubali bado ficha jina, picha ya akaunti na namba yake ya simu. Ufiche kwa rangi nzito iliyojaa. Ile kalamu inayopitisha mwanga kidogo huacha maneno yasomeke mtu akiongeza mwanga wa picha. Na kama umerudia chapisho la mteja kwenye stori yako, ujue kwamba akilifuta au akifunga akaunti yake, kwako halitaonekana tena. Maoni unayoyategemea omba picha yenyewe.

Kuna hili la mstari ambalo sijalipatia dawa kamili. Kila maoni mapya yanapoongezwa, duara la Maoni linaruka mbele ya Huduma na Bei. Tulichofanya ni kuyakusanya na kuyaongeza yote siku moja ya mwezi, na siku hiyohiyo kuongeza picha moja mpya ya kazi kwenye Huduma ili lirudi mbele. Bei likikaa la tatu kwa muda, nimekubali. Bado linaonekana bila kuvuta mstari.

## Kubuku

Kwenye kubuku, ukurasa wa zamani ulikuwa na sentensi moja: "Njoo inboksi." Mteja anakuja, anaandika "mambo", anajibiwa, anauliza nafasi, anaulizwa huduma gani, anajibu rasta, anaulizwa urefu. Msusi ana mikono kwenye kichwa cha mtu mwingine. Mazungumzo yanakwenda mpaka jioni, na mara nyingine yanakatika katikati.

Tuliandika hatua tatu kwenye picha moja. Chagua huduma na urefu. Tutumie siku na saa unayotaka kupitia kiungo hiki. Ukithibitishiwa, lipa malipo ya awali ili nafasi iwe yako. Picha ya pili ikaeleza ukichelewa itakuwaje, ukiahirisha itakuwaje, na malipo ya awali yanarudishwa lini. Mwenye saluni aliogopa kwamba picha hiyo ya pili itaonekana kali. Tuliiandika kwa upole, lakini kwa wazi, na ndiyo inayotumwa sasa kila panapotokea ubishi.

Kiungo ni stika ya `Link`, ambayo tangu Oktoba 2021 haihitaji tena akaunti iwe na idadi fulani ya wafuasi. Inaendelea kufanya kazi stori ikiwa kwenye hailaiti. Sisi tuliielekeza WhatsApp, na ujumbe ukiwa umeanza kuandikwa tayari:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Huduma:%20%0AUrefu:%20%0ASiku%20na%20saa:%20
```

Mahali pa `NAMBA` weka namba ya saluni ikianza na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele, bila nafasi. Sifuri hiyo ndiyo inayoharibu viungo vingi: kinafunguka, kisha mtu anaambiwa namba haipo. `%20` ni nafasi, `%0A` ni kushuka mstari. Mteja akibonyeza anakuta maneno matatu yanamsubiri ajaze mbele yake, na msusi anapokea vyote anavyovihitaji kwenye ujumbe wa kwanza.

Stika iwekwe katikati ya picha, kubwa. Pembezoni kidole kikikosea kidogo kinampeleka mtu kwenye stori inayofuata badala ya WhatsApp. Badili na maandishi ya stika yaseme jambo, kwa mfano "Buku hapa", kwa maana usipoyabadili mteja ataona anwani ya tovuti tu.

## Jaribio la mtu asiyejua

Kabla ya kutangaza chochote tulimtafuta mtu ambaye hajawahi kufika saluni ile, tukampa simu tukamwambia: tafuta rasta za kati za katikati ya mgongo ni bei gani ukija na nywele zako, kisha ufike mahali pa kubuku. Tukakaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi yenyewe, maana mwenye saluni aliyesimama nyuma yako atataka kusema "bonyeza pale".

Bei aliipata bila shida. Alipokwama ni kwenye kubuku: alisoma hatua zote tatu kisha akatoka, akarudi juu kwenye wasifu kutafuta namba ya simu. Hakuiona stika, kwa sababu rangi yake ilifanana na ya picha. Tukaitengeneza upya kwa rangi inayopingana na kuiwekea mshale.

Baada ya hapo mwenye saluni anatazama vitu viwili. Kwenye `Insights` za stori anaangalia idadi ya waliotoka kabisa wakiwa kwenye picha fulani; takwimu hizo anazisoma wakati picha mpya bado iko kwenye stori za siku, kabla haijawa ya hailaiti tu. Na inboksini anaangalia maswali yenyewe. "Bei gani?" bado inakuja, na itaendelea kuja, kuna watu wanaopenda kujibiwa na mtu. Anachotafuta ni swali lililo mahususi ambalo jibu lake linapaswa kuwa kwenye picha. Wiki iliyopita watu kadhaa waliuliza kama mtoto anasukwa kwa bei ya mtu mzima. Haikuwepo popote. Nilipoandika haya alikuwa anatengeneza picha ya watoto, na tulikuwa bado tunabishana kama aipange kwa umri au kwa urefu wa nywele.